Binti yangu anatimiza 13, bibi yake anataka msondo

*Shikamoo Bi. Naishi Makorora, Tanga, nina watoto watatu. Mkubwa ni binti. Mwezi wa tisa anafanya mtihani wa darasa la saba, na wa kumi anatimiza miaka 13. Mwezi wa sita alivunja ungo. Hakuniambia kwa mdomo, aliandika kijikaratasi akakiweka chini ya mto wangu. Mume wangu akaropoka kwa mama yake kule Pangani, na sasa mama mkwe anasema mjukuu wake wa kwanza hawezi kukua kimya kimya kama kifaranga. Anataka aje na makungwi na msondo, siku mbili. Wifi yangu wa Dar naye anasema hayo yamepitwa na wakati, tukodi ukumbi, keki, mshereheshaji na sare. Mtoto kasema, "Mama, mkiita watu nahamia kwa mamdogo." Lakini nilipomwuliza basi tusifanye kitu, alinyamaza, machozi yakamlenga. Nifanye nini ambacho hakitamwaibisha, wala hakitamnunisha mama mkwe?*

*Mama Mwali, Makorora*

Marahaba mwanangu.

Nimekisoma tena na tena kile kisa cha kijikaratasi. Nitakirudia mwishoni, kwa sababu mtoto wako amekwishakuonyesha njia anayoiweza. Kwanza nikuambie anachokiogopa, maana si ngoma.

Mimi nilivunja ungo mwaka 1971, hapa hapa Ngamiani. Bibi yangu alikuwa na hamu kama ya mkweo. Nilikaa ndani siku saba, nikafundwa, siku ya nane nikatolewa nimefunikwa kanga gubigubi, nimebebwa mgongoni mwa mwanamke nisiyemjua, msondo unalia na wanawake wanaimba maneno ambayo nusu yake sikuyaelewa. Chakula kilikuwa kizuri, nilitunzwa pesa, na sina kinyongo na bibi yangu. Kilichoniuma ni wiki ile iliyofuata. Nilikuwa nikienda bombani na ndoo, wavulana wa mtaa wananitazama kwa jicho ambalo mwezi uliopita hawakuwa nalo. Duka la kona likaanza kuniita "bibi harusi". Mtaa mzima ulikuwa umearifiwa habari za mwili wangu, na mimi sikuulizwa.

Ndivyo ngoma ile ilivyokusudiwa. Ilikuwa tangazo. Angalia neno lenyewe: mwali ni binti aliyevunja ungo, mwali ni binti anayefundwa, na mwali huyo huyo ni bibi harusi. Zamani kati ya la kwanza na la tatu haikupita miaka mingi. Msondo ulipolia nyumbani kwa mtu, majirani walielewa kwamba humo ndani sasa kuna wa kuposwa. Binti yako hajui historia hii yote, lakini ameinusa. Anajua watu wakijaa uani bila sababu inayoeleweka, kila mwanamke atakayemtazama atakuwa anafikiria jambo moja.

Na ukumbi wa wifi yako hauponyi chochote. Utamweka kiti cha mbele, cha kitambaa cheupe, mshereheshaji atamwita kwa kipaza sauti amlishe keki baba yake, halafu babu, halafu wajomba mmoja mmoja, huku simu kumi zinampiga picha mdomo wazi. Kanga imevuliwa, kavalishwa gauni la kumetameta, bado ni yule yule wa kutazamwa.

Machozi yake ulipomwambia "basi tusifanye kitu" yana maana. Anataka mkubali kuwa amekua. Hataki kuonyeshwa. Dawa yake ninayoijua ni moja: siku hiyo yeye awe mwenyeji. Anayekaribisha, anayepanga chakula, anayemimina kahawa hana nafasi ya kukaa akitazamwa. Mikono yake ina kazi, na ukiwa na kazi mkononi haya hupungua nusu.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo ngoma ya zamani iliyafunga pamoja, mafunzo na karamu. Yasifanyike siku moja, wala wiki moja, wala nyumba moja.

Mafunzo yaje mapema, mwezi huu huu, kabla mtihani haujakaribia. Wewe mama usijibebeshe. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipompa kazi hiyo somo badala ya mama, kwa sababu kuna maswali binti hawezi kumwuliza mtu anayekula naye kila siku. Somo huyo achaguliwe na mtoto mwenyewe. Mpe majina matatu unayoyaamini, yeye achague moja. Wengi huchagua mama mdogo, au jirani kijana aliye muuguzi, mara chache mzee. Wakae nyumbani kwa somo, saa moja na nusu inatosha, wakila mihogo ya nazi, hakuna mtu mwingine.

Afundishwe nini? Kipimo changu ni hiki: afundishwe atakachokihitaji kabla hajamaliza kidato cha kwanza. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama haijajaa, na mkoba wa shule uwe na 3 za akiba, pamoja na chupi moja. Miaka miwili ya mwanzo hedhi haina adabu. Inaweza kurudi baada ya siku 21 au ikakawia mpaka 45, na hilo peke yake si ugonjwa. Ikipita siku 7 haijakoma, au pedi ikilowa kila saa kwa saa kadhaa, au miezi mitatu ikapita kimya, hapo aende hospitali. Siku ya kwanza aweke nukta kwenye kalenda, basi, hahitaji kuandika neno. Aelezwe josho na nia yake. Aelezwe kwamba swala zilizompita siku hizo hazilipi, bali saumu za Ramadhani atazilipa. Na aambiwe wazi, bila mafumbo ya kinyago, kwamba sasa mwili wake unaweza kushika mimba, na kwamba hakuna mtu, awe mwalimu, binamu au jirani, mwenye ruhusa ya kuugusa, na akiguswa aje kusema kwa nani. Mambo ya chumbani ya mke na mume yangoje harusi. Kungwi akianza nayo kwa mtoto wa miaka 13, hapo umekwishaelewa kwamba kazi ile haijui ilichokusudiwa leo.

Jambo dogo la kwenu wenyewe nyumbani: Ramadhani ikija, kuwe na kikombe na kisahani chake jikoni, na mume wako na wadogo zake wasiulize kwa nini fulani anakula. Nyumba nyingi zimeharibu heshima ya binti kwa swali hilo moja.

Sasa mama mkwe. Huyu usimkabili wewe. Umtume mume wako, yule aliyeropoka. Mwanawe aende Pangani mwenyewe, siyo kwa simu, akae naye barazani, na asianze na "hatutaki ngoma". Aseme, "Mama, ngoma tumeiweka akiba ya harusi yake, na siku hiyo utaipiga mpaka asubuhi. Sasa tunaomba utusaidie haya." Kisha ampe kazi za kweli, za mtu mkubwa. Kwanza dua: yeye ndiye atakayemwombea mtoto, kabla chakula hakijaliwa. Pili kahawa, nitaieleza. Tatu kanga. Mama mkwe mwenye kazi tatu haji na makungwi.

Tena usisahau kwamba bibi na mjukuu ni watani. Yale ambayo mtoto hawezi kuyasikia kutoka kwako bila kujificha uso, bibi akiyasema kwa utani usiku wamelala kitanda kimoja, anacheka. Mwache bibi aje siku mbili kabla, alale na mjukuu wake. Atasema atakayoyasema gizani. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka, msondo ulikuwa chombo tu. Ila mwanawe amwombe kitu kimoja waziwazi: siku ya karamu asimwite mjukuu "mke mwenzangu" mbele ya watu, wala kuuliza mchumba yuko wapi. Utani huo ni mtamu wakiwa wawili.

Nikueleze karamu moja niliyoiona kwa macho, mwaka juzi, ya mjukuu wa dada yangu kule Mikanjuni. Si kwamba ilikwenda bila kasoro.

Mama yake aliandika majina ya wageni, yakafika 31. Akampa mtoto karatasi na kalamu, akamwambia, "Baba, mimi na bibi hatufutiki. Wengine wote futa unavyotaka, na sitakuuliza kwa nini." Mtoto akafuta mpaka wakabaki 11, pamoja na rafiki zake wawili wa shule. Alimfuta shangazi mmoja ambaye mama alimpenda sana. Ikabidi mama ameze mate. Baadaye ndipo ilipojulikana kuwa shangazi yule alikuwa na tabia ya kumshika mtoto kifua kwa mzaha na kusema "eh, maembe yameanza". Karatasi hiyo ndiyo mzani wako. Ukimpa mtoto orodha akakurudishia bila kufuta hata mmoja, akasema "sawa tu", ujue hajakuamini bado. Mrudishie, umwambie lazima afute watano.

Halafu akaulizwa atawalisha nini wageni wake. Akasema samaki wa kupaka na wali wa nazi. Mama alikuwa amekwishawaza pilau, akaimeza nayo.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Asubuhi ya Jumamosi, baba yake alimpa pochi yenye shilingi 90,000 na kumwambia, "Samaki, nazi, ndimu, mchele na matunda ni juu yako. Mimi nabeba tu." Wakaenda pwani ya Sahare mashua zinaporudi. Samaki wamemwagwa mchangani, mnadi anaita bei, wanunuzi wanawake na wanaume wamemzunguka. Baba alisimama hatua tatu nyuma, mikono mfukoni, mdomo kaufunga. Mtoto alishindwa fungu la kwanza, la pili akaogopa hata kuinua mkono. Fungu la tatu lilikuwa la kolekole wawili wakubwa. Akataja bei, mama mmoja akapandisha, mtoto akapandisha tena, mnadi akamtazama mara mbili kisha akampa. Alizidisha bei, baba aliniambia mwenyewe, labda kwa elfu nne hivi. Akanyamaza. Akabeba samaki. Njiani mtoto akafungua mashavu yao, akaona mekundu, akanusa, akasema, "Hawa ni wa leo." Baba akajibu, "Ndiyo." Hapo hapo, kwa maoni yangu, ndipo mtoto yule alipotimiza miaka 13. Yaliyofuata jioni yalikuwa kula tu.

Kolekole wawili wa kilo 2 na nusu kila mmoja walitosha watu 14, pamoja na wenye nyumba. Wali ulikuwa wa kilo 2 za mchele, na nazi 7 kwa jumla: 4 za wali, 3 za kupaka. Ukipika, tui zito la kupaka ulipike pembeni na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi na chumvi mpaka ligande kwenye mwiko, ndimu uikamulie ukishaepua, maana ukiitia mapema tui linakatika. Samaki achomwe kwanza mpaka karibu kuiva, ndipo apakwe na kurudishwa motoni kidogo, mara mbili. Ukimpaka mbichi, nazi inaungua na nyama ya mfupani haijaiva. Mtoto alisimamia kupaka. Kuchoma aliachiwa kaka yake, na nilipenda hilo, kwa sababu siku ya binti kukua haikuwa na lazima ya kumfanya mpishi wa nyumba nzima.

Wageni walikuja baada ya swala ya alasiri, na mwisho uliwekwa tangu mwanzo: adhana ya magharibi. Nakusihi ufanye hivyo. Shughuli ya saa mbili haina nafasi ya hotuba, wala haihitaji mshereheshaji wa kuifunga. Adhana ikilia kila mtu anainuka, na mtoto haachwi katikati ya ukumbi akisubiri wakubwa wachoke.

Mtoto alipokea wageni mlangoni yeye mwenyewe, akawaonyesha pa kukaa. Mkeka mmoja, wote, yeye akiwa kati ya mama na bibi. Wadogo zake walikula jikoni na binamu zao kama kawaida, na yeye kwa mara ya kwanza hakwenda nao. Hakuna aliyelitangaza hilo. Mdogo wake alimwita mara moja, "Njoo huku!" akajibu, "Leo nakaa hapa."

Baba alisema maneno ambayo nadhani hayakufika dakika moja. Alimshukuru mtoto kwa chakula, akatoa ufunguo wa mlango wa mbele uliofungwa kwenye kamba nyeusi, akamkabidhi. Akasema kuanzia leo anaingia na kutoka mpaka saa kumi na mbili jioni bila kuomba, ila aage anakokwenda. Na akampa kazi moja, luku ya nyumba: pesa atapewa tarehe moja, yeye atanunua na kuandika daftarini uniti zilizobaki. Haki moja na kazi moja, vyote vya kushikika. Nakuonya juu ya hili, mwanangu. Ukitoa ufunguo Jumamosi na kuuchukua Jumatano kwa sababu alichelewa robo saa, karamu nzima itakuwa imekuwa mchezo wa kitoto. Akichelewa, fupisha saa kwa siku tatu. Ufunguo ubaki kwake. Kwa hiyo kaeni na baba yake mapema, mtoe kitu mnachoweza kukivumilia. Kama saa kumi na mbili inakutisha, sema kumi na moja na nusu, lakini liwe neno moja.

Kasoro ilitokea kwenye kutunza. Jirani mmoja aliyeingia bila kualikwa, na mwenyeji huwezi kumfukuza mtu pwani, aliinuka na noti ya elfu mbili akamwekea mtoto kwenye paji la uso, akapiga kigelegele. Mtoto aliganda. Macho chini, tabasamu la kubandika, vidole vinakunja ncha ya mtandio. Ukiiona hali hiyo usiseme "usione haya, mwanangu", maana ndiyo unaimwagia mafuta ya taa. Mpe kazi. Dada yangu aliita tu, "Hebu mama, wageni hawajapata ndizi," mtoto akainuka akaenda jikoni, na alipotoka yalikuwa yamepita. Kwako wewe weka bakuli la zawadi kwenye meza ya mlangoni, na uwaambie wageni mapema kwamba hakuna kutunza. Majirani wakiuliza kuna nini, jibu la kweli lipo: amemaliza darasa la saba na ametimiza miaka 13. Huna haja ya kuongeza wala kudanganya. Mwezi wa kumi umekaa vizuri kwako, kwa sababu kuanzia wa sita imepita miezi minne na hakuna atakayehesabu. Ila usiifunge karamu na matokeo ya mtihani. Yakija mabaya, utakuwa umemtia deni.

Picha: moja, ya wote, aikubali yeye. Stetasi za wasapu, wifi yako akaziombee ruhusa kwa mtoto mwenyewe, siyo kwako. Na keki kama anaitaka, iwepo, ikatwe vipande jikoni na iletwe kwenye sahani. Kulishana hapana.

Kanga ya bibi nayo ina mtego. Mama mkwe akiachwa apendavyo, mkono utamwelekea kisutu, ile nyeusi, nyekundu na nyeupe, kwa sababu kwa watu wa umri wake kisutu ndiyo kanga ya heshima. Ni ya heshima kweli, lakini ni ya harusi. Mwanamke yeyote wa pwani akimwona binti amepewa kisutu ataelewa, na tangazo lile tulilolikwepa litakuwa limepita kwa mlango wa uani. Amnunulie doti ya rangi anayoipenda mtoto, na mtoto ayasome maneno yake dukani kabla haijalipiwa. Yasiwe ya mapenzi wala ya kumsuta jirani. Hina pia iwe ya viganjani, kama ya Idi, miguu iachwe.

Narudi kwenye kijikaratasi. Mtoto wako hawezi kuyasema haya kwa mdomo, na pengine wewe pia huwezi. Mwandikie. Watu wa pwani yetu wamewaandikia binti zao tangu zamani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia wake utenzi wa wasia mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Wewe huhitaji vina. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mkono wako, na usiuchapishe. Usimpe nasaha kumi, atapata nasaha za kutosha kwa bibi. Mwandikie vitu vitatu ulivyomwona akifanya mwaka huu, ukavitaja kama vilivyokuwa: siku fulani, mahali fulani, alimfanyia nani nini. Kisha kitu kimoja ulichokuwa ukikiogopa ulipokuwa na umri wake. Usisome mbele ya watu. Usiku wa karamu, wageni wakishaondoka, uweke chini ya mto wake.

Imebaki kahawa. Kwetu mtoto hanywi kahawa chungu, anapita nayo tu, na kila mtu anakumbuka aliponyweshwa kikombe chake cha kwanza na ni nani aliyempa. Basi bibi alete dele lake kutoka Pangani na vile vijikombe visivyo na mkono. Aipike mwenyewe. Chakula kikishaliwa, mtoto alishike dele kwa mkono wa kushoto na vijikombe kwa kulia, aanze na mkubwa wa umri, amalizie kwa wazazi wake, kashata zikipita nyuma yake. Mwisho bibi amnyang'anye dele, ammiminie yeye, wanywe wawili. Mwambie mama mkwe asikoleze tangawizi, na kashata iwe karibu, kwa sababu atakunja uso.